Jina Lililosikika Vibaya

Spotify ilipofunguliwa Tanzania, Februari 2021, nilikuwa na vipindi vitatu tayari ndani ya simu na sikuwa na jina la kujiita. Podikasti ilikuwa ya sauti tupu, ya mafundi cherehani wenzangu, na nilitaka kusimulia visa vya kibandani: kitambaa kilichokatwa vibaya, gauni la harusi lililobana asubuhi ya ndoa. Tanga kila mtu anajua cherehani yangu imewekwa wapi, na wateja wangejijua. Tena jina langu la kuzaliwa ni la pwani nzima. Ukiliandika kwenye simu wanakuja waimbaji kadhaa kabla yangu.

Fundi akiwa kazini mikono imeshika kitambaa, mguu uko kwenye pedali, simu iko rafuni. Jina atalisikia, hataliona. Jioni mwenzake akimuuliza alikuwa akimsikiliza nani, ataliandika kama sikio lake lilivyolipokea. Kwa hiyo nilitafuta jina ambalo sikio na kidole vitakubaliana juu yake, na ambalo mtu akiitwa nalo gizani atageuka.

La kwanza kulipenda lilikuwa Somo Rehema. Somo kwetu ni yule mwanamke anayemfunda mwali na kubaki msiri wake maisha yote, na sikujua neno lenye joto kama hilo. Nikampelekea shangazi, ambaye amefunda wali wengi. Alilikataa hata kabla sijakaa.

"Mwanangu, usomo mtu hajitwalii. Mwali ndiye anayekupa. Wewe nani kakupa?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule nikaliandika kwenye simu, na nikaona hata intaneti ililikataa kwa njia yake: yakaja masomo ya shule, na mahubiri, moja baada ya jingine, yote ni "somo" na yote ni "rehema". Maneno mawili mazuri yanayopendana tayari kwenye midomo ya wahubiri hayawezi kuwa anwani ya fundi. Na ile r: kwa wasikilizaji wengi r na l hubadilishana nafasi, na h huanguka njiani. Rehema angefika huko akiwa Lehema au Reema.

La pili lilikuwa Bi Pindo. Pindo la nguo ndilo kazi yangu ya kila siku, na "Bi" ni heshima ya pwani. Nikajirekodi chini ya chandarua, blanketi juu, simu imesimama juu ya mto, nikisema "Karibu, mimi ni Bi Pindo" mara nyingi hadi mate yakakauka. Kila nilipofika kwenye p, kipaza sauti kilipigwa na pumzi, pu, kama mtu anagonga mlango. Mpwa wangu, ambaye ndiye aliyenihariria, alinifundisha kugeuza simu kidogo ili pumzi ipite kando. Ilisaidia. Lakini jina ninaloanzia na kumalizia kila kipindi sikutaka liwe la kukwepwa.

Hata hivyo nililipenda, nikaamua kulipima. Nilituma ujumbe wa sauti kwa watu 12: mafundi wa hapa Tanga, binamu zangu wa Mwanza, rafiki wa Mombasa na jirani zake. Nilisema sentensi moja tu, kwa mwendo wa kawaida, nikaomba kila mmoja aniandikie jina alilosikia bila kurudia kusikiliza na bila kuuliza. Kusikiliza mara ya pili kungeharibu kipimo, kwa sababu fundi aliye kwenye pedali hana mara ya pili.

Majibu yalikuja usiku kucha. Watatu tu waliandika Bi Pindo. Wawili waliandika Bi Pinda, na nilipolitafuta hilo zikafunguka habari za Mizengo Pinda aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 2008 hadi 2015. Sauti yangu isingepata hata upenyo. Wawili waliunganisha wakapata Bipindo, maana "Bi" ni silabi moja na hujishikiza kwa neno linalofuata. Watano waliobaki waliandika, kila mmoja kivyake, Bindo.

Nililitazama neno lile kwa muda mrefu. Bindo ni ile nguo unayoikunja mbele yako kwa mikono miwili ili kupokea kitu. Nikiwa mdogo nilikaa chini ya cherehani ya shangazi nikiokota vifungo vilivyoanguka na vipande vya kitenge, nikavijaza kwenye bindo la kanga, na nilipoinuka aliniambia, "Leta tuone umevuna nini." Sikulitunga hilo jina. Masikio ya watu watano yalilitoa ndani ya jina langu bovu.

Na kinywani lilikaa vizuri. B ya Kiswahili haipulizi kama p. Hewa huvutwa ndani kidogo, ndiyo maana kipaza sauti hakishtuki. Baada yake inakuja nd, sauti ya puani inayovuma kifuani, kisha o ambayo haimezwi mwisho wa sentensi sauti inaposhuka. Badala ya "Bi" nikaweka "Mama", neno ambalo hakuna wa Mwanza wala Mombasa atakayelikosea, na lenye silabi mbili za kusimama peke yake. MA-ma BI-ndo: mkazo mara mbili, hatua mbili.

Nikawatumia tena, safari hii watu 12 wengine. Kumi waliandika Mama Bindo sawasawa. Mmoja aliunganisha. Wa mwisho simu yake ilimsahihisha ikaandika Bingo, na tatizo hilo sikulimaliza mpaka leo. Kibodi za simu nyingi hazijawekwa Kiswahili. Nilichofanya ni kulifunga jina kwa maana yake hewani: "Mimi ni Mama Bindo, kinga bindo nikujazie." Asiyekumbuka herufi anakumbuka tendo.

Mpwa wangu alitaka kwenye nafasi ya mtangazaji tuandike Mama Bindo, fundi, mishono, vitenge, kanga, ili tukamatwe na kila utafutaji. Nilikataa. Apple Podcasts huwakatalia wanaorundika maneno hapo, na jina lililofungwa mkia namna hiyo halisomeki kama la mtu. Nafasi ile ina `Mama Bindo` tu, herufi hizo hizo kila mahali, na neno "cherehani" liko kwenye maelezo, ndani ya sentensi.

Shangazi nilimwambia mwisho. Alinyamaza, kisha akanikumbusha Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba akiitwa Mtumwa. Siti lilikuwa jina la kupewa, na lilipokwenda kwenye santuri za Bombay mwaka 1928 watu wasiowahi kumwona walimjua kwa jina hilo na kwa sauti. "Nawe umepewa," akasema, "na waliokusikia."

Kisha akaichukua simu, akabonyeza alama ya kipaza sauti kwenye kibodi, akatamka jina polepole. Kipindi kikatokea, cha kwanza. Akasikiliza utangulizi hadi mwisho, uso umeinama.

"Jina unalikimbilia," akasema. "Mtu akingoja kupokea, hakimbii."

Nikarudi chini ya chandarua usiku ule, nikarekodi upya, na mara hii nikavuta pumzi kabla ya kulitaja.