Siku moja kwenye kiti changu cha kinyozi: nyusi, pua, laini na ndevu

Saa 12:00 asubuhi
Kabla ya uso wa mtu yeyote, naanza na wangu. Kinyozi mwenye nywele zinazochungulia puani hana cha kumwambia mteja. Utaratibu wangu una mpangilio mmoja: vya kavu kwanza, ndevu mwisho. Nyusi na pua nazimaliza kabla sijagusa maji, maana unyusi uliolowa hujinyoosha. Ukiukata ukiwa umelowa, ukikauka unajikunja na unagundua umekata zaidi ya ulivyokusudia. Na hivyo vinywele vilivyodondoka vinaondoka vyote nikioga.

Ndevu nanyoa baada ya kuoga, maji ya uvuguvugu yakiwa yameshazilainisha kwa dakika mbili tatu. Povu, wembe mmoja mkali, kufuata njia ambayo nywele zimelala, na kusuuza wembe kila baada ya kupitisha. Napitisha mara moja tu. Kidevu kikibaki na ukwaru kidogo, nauacha, hakuna anayeuona isipokuwa mimi.

Saa 2:30
Nafungua. Mashine zinapigwa brashi kwanza mpaka nywele zote zitoke kwenye meno, ndipo dawa inafuata. Watu wengi wanapulizia spiriti juu ya uchafu na kudhani wamemaliza, kumbe dawa haifiki kwenye chuma. Wembe ni mpya kwa kila mteja, nautoa kwenye karatasi yake akiwa anaona. Tone la damu lisiloonekana kwa macho linaweza kubeba virusi vya homa ya ini au Ukimwi, kwa hiyo hapo sina mjadala.

Saa 3:15
Mteja wa kwanza ana usaili wa kazi baada ya siku tano na shingo imejaa vipele. "Fundi, nisafishe kabisa, nataka uso wa mtoto." Namuuliza ananyoaje. Kila siku, kwa ule wembe wa makali matano, kwenda juu, huku akivuta ngozi.

Hapo jibu nimeshalipata, ila namweka kwenye mwanga na kupitisha vidole. Upande wa kulia wa shingo nywele zinashuka. Upande wa kushoto zinaelekea sikioni, karibu kulala kabisa. Yeye ananyoa pande zote kwa mwelekeo mmoja. Namvutia kioo cha kukuza, nikamwonyesha kipele kimoja chini ya taya: ndani yake kuna unywele mweusi umejipinda, ncha imeingia tena kwenye ngozi.

Nywele zetu za kipilipili zinaota zikiwa zimeshajikunja. Makali mengi yaliyopangwa pamoja yanafanya hivi: la kwanza linauvuta unywele, linalofuata linaukata, kisha unarudi chini ya ngozi. Kuvuta ngozi kunafanya vivyo hivyo. Unywele wenye ncha kali ukianza kuota tena ukiwa chini, unatoboa pembeni badala ya kutoka kwenye tundu lake. Mwili unauona kama mwiba na kuvimba. Kwa hiyo kadiri anavyonyoa karibu ili ajisafishe, ndivyo anavyotengeneza vipele vya wiki ijayo.

Nikamwambia wazi: leo hakuna wembe, na siku ya usaili pia hakuna. Akanuna. Nikamwekea kitambaa cha maji ya uvuguvugu shingoni kwa dakika 10, kisha zile nywele ambazo kitanzi chake kinaonekana juu nikaziinua kwa sindano safi. Naachia ncha tu, siing'oi, kwa sababu ukiing'oa, mpya itakuja chini kwa chini vilevile. Zilizozama sikuzichimba. Baadaye mashine, nikaacha ndevu za kama milimita moja, sawasawa uso mzima.

Kilichomfanya atabasamu ni laini. Niliweka mpaka wa chini vidole viwili juu ya kikoromeo, ukipanda taratibu kuelekea nyuma ya taya, na mashavuni nikaondoa zile chache zilizopotea njia. Ndevu fupi zenye mpaka zinamfanya mtu aonekane nadhifu kuliko shingo iliyonyolewa ikiwa na vipele. Ngozi yenyewe inahitaji wiki tatu nne bila wembe ili itulie. Angekuwa na usaha au uvimbe mgumu unaokua, ningempeleka kwa daktari wa ngozi bila kugusa chochote.

Saa 6:00 mchana
Kijana anataka "laini kali, irudishe nyuma kidogo iwe mraba". Hilo silifanyi. Namwambia ainue nyusi: paji linakunjamana, na juu ya mikunjo ndipo nywele zake halisi zinapoanzia. Laini inapita juu ya nywele za mbele zenye nguvu, tunaondoa vile vinywele laini vilivyo nje yake tu. Ukiirudisha nyuma hata milimita tatu, siku chache baadaye kuna kivuli cha vinywele vinavyoota mbele ya laini, na kila kinyozi atakayefuata atalazimika kuifuata ile ya nyuma. Ndiyo maana wengine paji lao linakua kila mwaka na wanasingizia ukoo.

Kisogoni pia sishuki hadi kwenye ngozi. Kukwangua pale mara kwa mara kunachochea vipele vigumu ambavyo kwa baadhi ya watu vinageuka makovu yasiyotoka.

Saa 9:30 alasiri
Mzee mmoja, mteja wa siku nyingi. Shikamoo, marahaba, anakaa na kufumba macho. Kwake kazi iko kwenye nyusi na pua, maana umri ukienda nywele za huko ndizo zinazorefuka.

Nyusi nazichana kwenda juu kwa brashi ndogo. Zinazopita ukingo wa juu ndizo nazikata, moja moja kwa mkasi, halafu nazichana tena chini zirudi kwao. Katikati ya nyusi nang'oa kwa kibano, nikivuta kufuata mwelekeo wa unywele, na naishia pale kona ya ndani ya jicho inapopanda moja kwa moja. Ukizidi hapo, nyusi zinaachana na mtu anakuwa na sura ya kushangaa. Kwa mwanaume, mpaka wa juu siuchongi kwa wembe. Unyusi uliochongwa unaonekana kutoka ng'ambo ya barabara, na unapoanza kuota unaonekana zaidi.

Puani natumia mkasi wenye ncha ya mviringo. Anainua kidevu, nakata zinazotokeza kwenye ukingo, basi. Zile za ndani zina kazi ya kuzuia vumbi. "Si ungezing'oa tu, zikae muda mrefu?" ananiuliza kila akija. Kila tundu linaloachwa wazi mle ndani ni mlango wa bakteria, na jipu la puani si la kuchezea: mishipa ya damu ya eneo lile ina njia inayoelekea kwenye ubongo. Ni nadra kufika huko, lakini mkasi unamaliza kazi ileile kwa nusu dakika.

Saa 2:00 usiku
Nafagia, napaka mashine mafuta. Simu inalia, ni yule wa usaili: mkewe anasema bado anaonekana hajanyoa, je, apitishe wembe kesho kidogo tu, mashavuni? Namjibu mashavuni hana vipele, apitishe, juu ya ile laini niliyoweka, kushuka chini, bila kuvuta ngozi. Shingoni asiguse. Siku moja kabla ya usaili aje nisawazishe kwa mashine, haitachukua hata dakika kumi.