Siku moja maishani mwangu: dirisha la dawa na vidonge vya zinki

Saa 2 asubuhi. Kabla ya kufungua dirisha nasoma maboksi ya zinki yaliyoingia. Hapa ndipo makosa mengi yanapoanzia. Boksi moja limeandikwa zinki salfeti monohaidreti miligramu 54.9, na chini yake, kwa herufi ndogo, "sawa na zinki miligramu 20". Namba ya kwanza ni uzito wa chumvi nzima. Dozi huhesabiwa kwa namba ya pili, yaani zinki yenyewe.

Saa 3. Mama ana mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyeanza kuharisha jana. Nyumbani wana zinki, lakini baba aliona 54.9, akadhani ni kali mno, akakata kidonge vipande vitatu. Kila kipande kina zinki isiyofika miligramu 7, ilhali mtoto wa miezi 6 na zaidi kwa kawaida hupewa 20 kwa siku. "Kwa hiyo nimpe kizima?" Ndiyo mama, kizima, mara moja kwa siku. Vingekuwa vya miligramu 10, angepewa viwili.

Saa 5. Mtoto wa miezi 4. Chini ya miezi 6 dozi ni miligramu 10, nusu ya kidonge cha 20. Kidonge kina mstari katikati, kwa hiyo kinavunjika sawasawa. Nusu ya kesho ikae pakavu, maana vidonge hivi vimetengenezwa viyeyuke haraka na unyevu huvilainisha. Kwa siku 10 anahitaji vidonge 5 tu.

Saa 7. Namwonyesha bibi mmoja namna ya kuyeyusha. Kidonge kwenye kijiko, maji safi kidogo au maziwa ya mama yaliyokamuliwa, subiri kwa muda usiozidi dakika moja, mpe mtoto yote. Kisha ongeza maji kidogo kwenye kijiko hichohicho umpe tena, kwa sababu unga hubaki chini. Ladha yake ni ya chuma, na wengine hutapika. Akitapika kabla ya nusu saa, rudia mara moja.

Saa 9. Mama amerudisha vidonge 7. Mtoto aliacha kuharisha siku ya tatu, naye akaona imetosha. Huyu nilikaa naye. Kuharisha huupunguzia mwili zinki, na dozi huendelea siku 10 hadi 14 hata choo kikishakuwa kizuri. Siku hizo za mwisho ndizo zinazompunguzia uwezekano wa kuharisha tena miezi miwili au mitatu ijayo. Tulihesabu pamoja: alianza Jumatatu, siku ya kumi ni Jumatano ya wiki inayofuata. Nikaiandika juu ya boksi.

Saa 11 jioni. Wa mwisho ana zinki mkononi lakini hana ORS. Zinki hairudishi maji yaliyopotea, kwa hiyo nampa pakiti za ORS pia. Namuuliza kama kuna damu kwenye choo, kama mtoto anaweza kunywa, kama macho yameingia ndani. Jibu la swali la pili ni hapana. Hapo zinki inasubiri. Mtoto anapelekwa kwa daktari sasa hivi.