Safu ya Kushoto

Jana jioni mdogo wangu wa kazini aliniuliza, "Kaka, nikiwa ndani ya seva hifadhidata inajibu, nikiwa nje inakataa. Shida nini?" Nikakumbuka usiku ule wa kuhamisha hifadhidata.

PostgreSQL tulikuwa tumeipa seva yake, 10.0.0.5, programu ikabaki 10.0.0.7. Kwenye seva ya hifadhidata `psql` ilifunguka bila shida. Kutoka upande wa programu, kila jaribio lilirudi papo hapo na `Connection refused`. Saa mbili nzima nilipekua faiawoli, na sikulitilia maanani lile "papo hapo". Faiawoli ikitupa pakiti kimyakimya, unasubiri mpaka muda uishe. Ukikataliwa mara moja, mara nyingi pakiti imefika kwenye mashine, ila kwenye anwani ile na poti ile hakuna anayesikiliza.

Nikampigia mkubwa wangu. Akasema nimsomee majibu ya `ss -tln`, amri inayoorodhesha anwani na poti ambazo seva inasikiliza. Mstari wenyewe nauona mpaka leo:

```
LISTEN 0 244 127.0.0.1:5432 0.0.0.0:*
```

"Iko wazi, mkubwa," nikamwambia. "Imeandikwa 0.0.0.0, yaani anwani zote."

Akanyamaza kidogo. "Hiyo ni safu ya kulia. Nisomee ya kushoto."

Nikaweka kidole kwenye kioo. 127.0.0.1. Safu ya kulia ni ya mteja, na kwa seva inayosubiri wageni huwa hivyo hivyo, nyota na sifuri. Ya kushoto ndiyo inayosema seva imekaa wapi, na yangu ilikuwa imejifungia ndani, ikiongea na mashine yake peke yake. Ndiyo maana `psql` ya humo humo haikunionyesha kosa lolote.

Nikafungua `postgresql.conf`:

```
listen_addresses = 'localhost, 10.0.0.5'
```

Sikuweka `'*'`, yaani anwani zote, maana mashine ile ilikuwa na anwani nyingine inayoonekana kwenye intaneti. Nikaamuru isome mipangilio upya, nikarudia `ss`: bado 127.0.0.1 peke yake. Kipengele hicho husomwa PostgreSQL inapowaka tu. Nikaizima, nikaiwasha, na mstari wa pili ukatokea: 10.0.0.5:5432.

Nikajaribu kutoka 10.0.0.7. Safari hii kosa lilikuwa jipya, `no pg_hba.conf entry for host`, nami nikashusha pumzi. Hilo ni PostgreSQL yenyewe inakataa, kwa hiyo sauti yangu ilikuwa imeifikia. Ruhusa niliiongeza kwa mstari mmoja kwenye faili hilo la `pg_hba.conf`.

Sijui kama ningemwelewa mkubwa wangu bila zile saa mbili. Kwa huyu mdogo wangu sikutaka kusubiri. Nilimwambia tu, "Endesha `ss -tln`, unisomee safu ya kushoto."