Kwa nini niliacha Zaburi ya 23 asubuhi ya upasuaji

Nilipoanza kazi ya uchungaji hospitalini, wagonjwa waliosubiri upasuaji niliwasomea Zaburi ya 23. Asubuhi moja, mama aliyekuwa akisubiri kutolewa uvimbe kwenye kizazi alivuta shuka mpaka puani. Nilipomaliza akasema polepole, "Mchungaji, hiyo ndiyo tuliyomzikia baba watoto."

Nilirudi ofisini nikaisoma upya kwa masikio yake. Bonde la uvuli wa mauti. Halafu meza iliyoandaliwa na kikombe kinachofurika, ninawasomea watu ambao hawajala tangu jana usiku, midomo imewakauka. Zaburi haina kosa. Mimi ndiye niliyeipeleka mahali ambapo saa yake haikuwa imefika.

Nikaanza kuwauliza wagonjwa wanachoogopa. Wengi hawakutaja kisu, walitaja dawa ya usingizi: "Nisipoamka je?" Nikahamia Zaburi ya 121, mstari wa 4: "Naam, hatasinzia wala hatalala usingizi, Yeye aliye mlinzi wa Israeli." Kisha nikaandika haya, ya kusoma kando ya kitanda:

"Ndugu yangu, kila usiku wewe ndiye unayefunga mlango na kuhakikisha watoto wamelala. Leo umevua pete, umevaa gauni la hospitali, na mlango watafunga wengine. Utalala, na hutaweza kujilinda. Lakini yupo asiyesinzia. Atakuwa macho pamoja na daktari, na muuguzi, na anayekuangalia pumzi. Huna haja ya kujikaza. Kama unaogopa, mwambie hivyo hivyo. Bwana, huyu ni wako. Mlinde aingiapo, mlinde atokapo. Amina."

Ni kama dakika moja, na niliifupisha kwa makusudi, kwa sababu machela haingoji mahubiri. Neno "utapona" sikuliweka. Niliwahi kulitamka kwa mgonjwa ambaye kidonda chake kilimrudisha chumba cha upasuaji mara ya pili, na baada ya hapo hakutaka tena kuniona.

Kabla ya kusoma namuuliza muuguzi nani atalazwa usingizi na nani atachomwa ganzi ya mgongoni. Wajawazito wengi wa upasuaji hupewa ganzi na hubaki macho, kwa hiyo kwao nasema: "Utasikia sauti za watu na vyombo, na tumbo likivutwa. Yeye naye anasikia." Mgonjwa mwenyewe namwomba ruhusa kwanza, maana wodini wamo pia Waislamu, na wamo wasiotaka kusomewa chochote. Halafu nakaa kwenye kiti, nasoma kwa sauti ya kumfikia yeye tu.

Baada ya "mwambie hivyo hivyo" nanyamaza kwa pumzi tatu. Juzi mzee mmoja wa ngiri alisema papo hapo, "Naogopa, Mchungaji." Sikuendelea na karatasi. Nilimshika mkono mpaka machela ilipofika.