Alama iliyobadilishwa: nilivyojifunza kuandika kumbukumbu za jopo la usaili

Niliwahi kuitwa mbele ya kamati ya malalamiko nikiwa na fomu ya alama ambayo sikuweza kuieleza. Namba 3 ilikuwa imefutwa kwa wino mweupe, na juu yake imeandikwa 4. Mjumbe aliyeiandika alikuwa ameshasahau. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa jopo, na muhtasari wangu ulisema tu kwamba "baada ya majadiliano wajumbe walikubaliana". Walikubaliana nini, na kwa sababu gani? Sikuwa na jibu. Sidhani kama palikuwa na hila yoyote, lakini mwombaji aliyekosa kazi hakuwa na sababu ya kuniamini, na mimi sikuwa na cha kumwonyesha.

Iliniuma. Usaili uliofuata niliuandaa kwa namna nyingine kabisa, na mambo yaliyotokea siku ile ndiyo yaliyonifundisha kazi hii.

Tulikuwa tunatafuta msimamizi wa ghala. Jopo lilikuwa na wajumbe watatu, na kulikuwa na maswali matano yale yale kwa kila mwombaji, kila swali alama 1 hadi 5. Kabla ya siku ya usaili tuliandika kila alama ina maana gani. Swali la 3, kwa mfano, liliuliza mtu atafanya nini akikuta vitu vilivyomo ghalani havilingani na daftari. Alama 5 ilikuwa ya anayehesabu upya, anayefuatilia hati za kupokelea na za kutolea, na anayetoa taarifa kwa maandishi kabla ya kugusa daftari. Alama 3 ilikuwa ya anayehesabu upya na kutoa taarifa bila kuonyesha atatafutaje chanzo. Alama 1 ilikuwa ya anayerekebisha daftari ili lilingane. Bila maelezo hayo, "nne" ya mjumbe mmoja ni "tatu" ya mwingine, na hakuna muhtasari utakaoweza kuitetea.

Kila mwombaji alipotoka, wajumbe walijaza fomu zao kimya, kila mmoja peke yake, kabla ya neno lolote kusemwa. Nilizikusanya na kuandika alama zote kwenye jedwali langu. Mwombaji wa mwisho alipomaliza, ndipo tulipoanza kujadili, tena kwa kanuni moja: swali ambalo alama zake zimepishana kwa 2 au zaidi linajadiliwa, na tofauti ya 1 inaachwa ilivyo. Ukiwalazimisha watu walingane katika kila kitu, unabaki na maoni ya mtu mmoja yaliyoandikwa mara tatu.

Mwombaji namba 4, kwenye swali la 3, alipewa 4, 4 na 2. Nikamwomba mwenye 2 aanze kueleza, kwa sababu akisubiri hadi wenzake wawili waseme, atajiona anawapinga badala ya kueleza alichosikia. Mwenyekiti huzungumza mwisho. Mjumbe yule akasema hakusikia mwombaji akitaja hati zozote. Nikasoma nilichokuwa nimeandika, maneno ya mwombaji mwenyewe bila tathmini yangu: "Nitahesabu tena na mtu wa pili. Nitalinganisha hati za kupokelea na za kutolea za mwezi ule. Nitamwandikia mkuu wangu." Akatazama fomu yake, akasema alikuwa bado anaandika jibu la swali la 2 sentensi ile ilipotamkwa.

Akabadilisha alama yake kuwa 4. Safari hii hakufuta. Alipiga mstari mmoja juu ya 2 ili iendelee kusomeka, akaandika 4 pembeni, akaweka saini fupi na saa, 8:40 mchana. Kwenye muhtasari niliandika: "Mwombaji namba 4, swali la 3. Mjumbe wa tatu alibadilisha alama kutoka 2 kwenda 4 baada ya kusomewa kumbukumbu ya jibu kuhusu hati, ambayo hakuisikia. Wajumbe wengine hawakubadilisha." Tofauti kama hiyo ilitokea pia kwa mwombaji namba 7 kwenye swali la 5. Ilijadiliwa kwa utaratibu ule ule, mjumbe akabaki na alama yake, na hilo nalo nililiandika pamoja na sababu aliyoitoa. Ukiandika mabadiliko tu na kuacha pale ambapo mtu hakubadilika, itaonekana kama mmoja alisaidiwa na mwingine akaachwa.

Jumla sikuitaja hadi majadiliano yote yalipokwisha, saa 9:10 alasiri. Jambo hili ningependa kila katibu alishike, maana ndilo lililotuokoa. Namba 4 alikuwa na 18, 19 na 16, yaani 53, na baada ya badiliko akafikia 55. Namba 7 alikuwa na 18 kwa kila mjumbe, yaani 54. Badiliko lile moja liligeuza mshindi. Kama jumla ingekuwa mezani tayari, nani angeamini kwamba alama ilipandishwa kwa ajili ya jibu na si kwa ajili ya nafasi?

Katikati ya majadiliano mjumbe mmoja aliuliza kama namba 2, mwenye watoto wadogo, ataweza zamu za usiku. Mwenyekiti alimkatiza. Mkono wangu ulitaka kuliruka jambo hilo ili jopo lionekane safi, lakini niliandika kwamba suala la familia lilitajwa, mwenyekiti aliagiza lisizingatiwe, na mjumbe aliombwa apitie upya alama zake za mwombaji huyo akathibitisha zinatokana na majibu. Likifichwa halafu likasemwa nje na mtu mwingine, muhtasari mzima unapoteza heshima yake.

Fomu zote zilikuwa na namba za waombaji tu. Orodha ya majina nilikuwa nayo peke yangu, kwenye faili tofauti lenye nywila. Namba hazimfichi mtu kwa wajumbe waliokaa naye uso kwa uso. Kazi yake ni kuilinda karatasi ikipotea au ikianguka mikononi mwa mtu mwingine. Niliwaomba wajumbe wasipige picha fomu, na hakuna aliyetoka na karatasi, hata ile ya kuchorachora, kwa kuwa nayo ni sehemu ya kumbukumbu. Muhtasari waliusoma na kuutia saini kabla ya kuachana.

Namba 7 alilalamika. Alipewa alama zake mwenyewe na sababu zake. Alama za namba 4 hakupewa. Katika nchi nyingi sheria za taarifa binafsi humruhusu mtu kuomba kilichoandikwa juu yake, ndiyo maana siandiki "hajiamini" au "hana mvuto". Naandika alichosema na alichokiacha.

Kamati iliona fomu zote zikiwa na namba. Walikaa muda mrefu kwenye ile 2 iliyopigwa mstari, wakaniuliza ni nani alizungumza kwanza, na jumla ilijulikana saa ngapi. Nikawaonyesha aya mbili za muhtasari. Hawakuniuliza kitu kingine.