Kumbukumbu ya mradi wa kichujio: kwa nini konvolusheni hugeuka kuzidisha

Kichujio chetu kina hatua mbili zinazofanana, kila moja rezista ya 10 kΩ na kapasita ya 100 nF, kati yao bafa yenye mkuzo wa 1. RC ni milisekunde 1; tuiite a. Ukiipa hatua moja mpigo mfupi sana, hujibu h(t) = (1/a)e^(−t/a) kuanzia t = 0, na kabla ya hapo sifuri. Kila kipande cha ishara inayoingia huacha mkia wa namna hii, na kinachotoka ni jumla ya mikia yote. Jumla hiyo ndiyo konvolusheni ya x inayoingia na h; mstari wa pili ni integrali ya Fourier ya y, na X na H hupatikana vivyo hivyo kutoka x na h:

```
y(t) = ∫ x(τ) h(t−τ) dτ
Y(ω) = ∫ y(t) e^(−iωt) dt
```

Weka mstari wa kwanza ndani ya wa pili, kisha ubadili mpangilio ili τ ibaki nje:

```
Y(ω) = ∫ x(τ) [ ∫ h(t−τ) e^(−iωt) dt ] dτ
```

Hapa ndipo wengi hupita mbio. Ruhusa ya kubadili mpangilio inatoka kwenye nadharia ya Fubini: inatosha ∫|x| na ∫|h| ziwe na kikomo. h yetu ina eneo la 1, kwa hiyo iko salama. Wimbi la sine lisiloisha halitimizi sharti hilo. Liache liishe mahali fulani, au lishughulikie peke yake.

Ndani ya mabano weka u = t − τ. τ imetulia pale, hivyo dt = du, na mipaka ya −∞ hadi ∞ haisogei. Sasa e^(−iω(u+τ)) inagawanyika kuwa e^(−iωu) · e^(−iωτ). Siri yote iko hapo: kuchelewa kwa τ kunageuka kigawo cha kuzidisha, kigawo hicho kinatoka nje ya mabano, na kinachobaki ndani ni H(ω) isiyojua τ kabisa.

```
Y(ω) = H(ω) ∫ x(τ) e^(−iωτ) dτ = H(ω) X(ω)
```

Tuijaribu kwa hatua zetu mbili. Konvolusheni ya h na h, kuanzia 0 hadi t, ni (t/a²)e^(−t/a), kwa kuwa τ inajifuta kwenye vipeo. Integrali ya Fourier ya jibu hilo ni 1/(1+iωa)², na hatua moja pekee hutoa 1/(1+iωa). Mraba wake kamili.

Kwenye 159 Hz, ambapo ωa = 1, volti 1 ikiingia itoke 0.5. Ukisoma karibu 0.33, bafa haifanyi kazi au imerukwa. Hatua ya pili inanyonya mkondo wa ya kwanza, na kichujio kinakuwa 1/(1+3iωa−(ωa)²), ambacho hapo ni theluthi moja. Nadharia haijavunjika, h ya hatua ya kwanza ndiyo imebadilika baada ya kubebeshwa mzigo.