Jinsi nilivyoondoa mfululizo wa -li- katika hadithi ya gulio

Niliwaandikia wanafunzi wangu wa kiwango cha kati hadithi fupi ya siku ya gulio, ili wazoee wakati uliopita. Rasimu ya kwanza ilianza hivi: "Asha aliamka. Alichukua kikapu. Alienda gulioni. Aliona mkeka. Aliununua." Sarufi ilikuwa sahihi, lakini nilipoisoma kwa sauti nilisikia orodha, si hadithi.

Kilichoniudhi ni -li- katika kila kitenzi. Tunaposimulia, -li- hufungua tukio, kisha -ka- huunganisha matendo yanayofuatana. Nikaandika upya: "Asha alipofika gulioni, aliona mkeka mzuri. Akausogelea, akaukunjua, akamwuliza muuzaji bei. Alikuwa bado anahesabu pesa mvua ilipoanza kunyesha." Sasa hadithi ilitembea, na ile -po- ilionyesha tukio moja likilikuta jingine.

Darasani likazuka tatizo jipya: wengi waliandika "akakuja", wakifuata mfano wa "alikuja". Vitenzi vifupi kama -ja, -la na -fa hubaki na ku- baada ya -li-, lakini huiacha baada ya -ka-. Basi nikayaweka maumbo hayo karibu karibu: "Jirani alikuja na turubai. Mwanawe naye akaja na kamba." Waliposoma tena, walilinganisha wenyewe.

Kila aya mpya niliifungua tena kwa -li-, kwa sababu -ka- zikizidi msomaji husahau tukio lilianzia wapi.